Mali mmepokea, mnaitumia, lakini kuandika "tumeikubali" hamtaki. Ankara itoke vipi?

Samani_KLA: Banange, wanunuzi wa mji huu! Viti 240 vya ukumbi vimeshushwa, stoo wakagonga muhuri kwenye delivari noti na kuongeza kwa kalamu: "Imepokelewa, bado kukaguliwa." Basi, kimya. Viti vinakaliwa kila siku! LPO, yaani oda yao ya ununuzi, inasema ankara ya mwisho itolewe mali ikishakubaliwa kwa maandishi, uhasibu hawalipi bila ankara ya EFRIS, ule mfumo wa ankara wa URA, mamlaka ya mapato Uganda, na wa kuandika hashiki simu. Huu si ujanja wa kukalia pesa za watu?

Bodaboda_Biashara: Toa ankara tu. Muhuri wa stoo unatosha.

MamaStoo: Hautoshi. Muhuri unasema mali imefika, hausemi iko sawa, na yale maneno ya kalamu yamewekwa makusudi. Ukitoa ankara ya viti 240 halafu wakatae 8 vyenye miguu iliyopasuka, itabidi uombe noti ya krediti ya kupunguza ankara kwenye EFRIS, na malipo yote yalale hapo.

Kosa kubwa ni kuandika "naomba mthibitishe". Mtu wa ofisi haoni athibitishe nini, anaahirisha. Mwandikie maneno yenyewe. Barua pepe iende kwa msimamizi wa mkataba, nakala kwa ununuzi na uhasibu, ikitaja namba ya LPO, ya delivari noti na tarehe ya kushusha. Kisha, tuseme vibovu ni hivyo 8: "Viti 232 kati ya 240 vimekaguliwa na kukubaliwa, 8 vimekataliwa kwa miguu iliyopasuka. Ankara ya mwisho itolewe kwa viti 232, kila kimoja 85,000, yaani 19,720,000 kabla ya VAT." Yeye ajibu "Ndiyo" tu. Hivyo 8 vibovu havizuii pesa ya vizima.

Mkulima_Masindi: Hata mimi! Shule ina ankara yangu ya mahindi tangu muhula uliopita, hawajalipa.

MamaStoo: Pole ndugu, lakini hilo ni deni. Hapa ankara yenyewe haijatoka.

Samani_KLA: Na wasipojibu kabisa?

MamaStoo: Barua ya pili itaje sheria ya uuzaji wa bidhaa ya 2017: mnunuzi akikaa na mali kwa muda wa kuridhisha bila kusema anaikataa, huhesabiwa ameikubali. Ila sheria haitaji siku ngapi, hapo ndipo mnapovutana.

Hesabu_Ntinda: Mnasahau URA. VAT huanza kuhesabika mali inapofika, ikiwa ankara au malipo hayakutangulia. Haingoji mnunuzi akubali. Ritani ni kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Samani_KLA: Yaani nilipe 18% ya pesa ambayo sijaiona, kwa sababu bosi fulani hajaandika "Ndiyo"?

Bodaboda_Biashara: Si nilisema toa ankara?

MamaStoo: Kwa kodi una hoja. Lakini uhasibu wao watairudisha bila ile barua. Barua itoke leo, na LPO ijayo iandikwe: kimya cha siku 7 baada ya kushusha ni kukubali.

Samani_KLA: Ununuzi wao watasaini hilo?

Hesabu_Ntinda: Kampuni binafsi, labda. Serikali, sidhani.