Linki ya kubadili nywila inasema "imeshatumika" kabla mwenyewe hajaibofya, naombeni msaada

Kodi_ya_Jioni: Habari za leo wakuu. Natengeneza mifumo midogo kwa PHP na MySQL, na sasa nina mteja ambaye ni chama cha kuweka na kukopa. Mwanachama akisahau nywila anaandika imeili yake, mfumo unamtumia linki ya kutumika mara moja tu, inayokufa baada ya dakika 30. Wengi wanaingia bila shida. Ila wenye imeili za ofisini kwao wanapiga simu kila siku: wakifungua tu, wanaambiwa imeshatumika. Logi ya seva kwa mwanachama mmoja ni hii:

```
08:14:02 GET /reset?t=9f3c... 200
08:21:40 GET /reset?t=9f3c... 410
```

Imeili ilitoka 08:13:58, na mwenyewe ana hakika aliibofya mara moja tu, saa mbili na dakika ishirini na moja. Huyo wa kwanza ni nani? Kuna mtu anasoma imeili zao?

Baba_Zawadi: Mkuu, ongeza muda uwe saa 24 na uruhusu linki itumike mara tatu. Watu wetu hawafungui imeili kwa haraka, utawaua kwa dakika 30.

Bi_Seva: Baba Zawadi, kuhusu imeili kuchelewa una hoja, lakini mara tatu hapana. Hapo yeyote atakayeikuta linki kwenye imeili baadaye anabadili nywila tena.

Kodi, angalia tofauti ya muda: sekunde nne baada ya kutuma. Binadamu hafungui imeili kwa kasi hiyo. Seva nyingi za imeili za maofisini zina kichujio cha usalama kinachofungua kila linki kukagua kama ni ya kitapeli, kabla ujumbe haujamfikia mtu. Linganisha anwani ya IP ya mstari wa kwanza na ya pili. Ya kwanza ikiwa ya kituo cha data na si ya mtandao wa mwanachama, umempata. Kosa ni kwamba unaichoma tokeni kwenye GET. GET ionyeshe tu fomu ya nywila mpya, tokeni ife kwenye POST, mtu akishaandika nywila na kubonyeza kitufe. Usiweke JavaScript ya kuituma fomu yenyewe, maana baadhi ya vichujio huendesha JavaScript pia.

mtoto_wa_pwani: Mimi natumia namba za kwenye SMS, sina shida hizi kabisa. Tatizo langu ni watu waliobadili laini.

Bi_Seva: Hilo ni zito kuliko la Kodi, mdogo wangu. Laini iliyokaa bila kutumika hupewa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayepokea namba zako. Lifungulie uzi wake.

Kodi_ya_Jioni: Asante sana dada, IP ya kwanza kweli ni ya kituo cha data. Nikihamishia kwenye POST, mtu akibonyeza kitufe mara mbili haraka si maombi yote mawili yatapita? Sasa hivi nasoma kwa SELECT kwanza, halafu ndiyo naandika.

Bi_Seva: Yanaweza kupita, kwa sababu yote mawili yanaweza kusoma "haijatumika" kabla lolote halijaandika. Acha databesi iamue kwa hatua moja:

```sql
UPDATE reset_tokens SET used_at = NOW()
WHERE token_hash = ? AND used_at IS NULL
  AND expires_at > NOW();
```

Safu iliyobadilika ikiwa 1, endelea. Ikiwa 0, kataa. Kagua kwanza kama nywila mpya inakubalika, la sivyo mtu akiandika fupi mno atakuwa ameshachoma linki yake bure. Kisha UPDATE hii na ile ya nywila zikae kwenye muamala mmoja. Baada ya hapo futa tokeni zake nyingine na vikao vyote vilivyo wazi, maana huenda anabadili nywila kwa sababu kuna mtu ameshaingia.

Na tokeni yenyewe unaipataje?

Kodi_ya_Jioni: `md5($email . time())`, na ndiyo naihifadhi hivyo hivyo.

Bi_Seva: Badilisha leo. Anayejua imeili ya mtu anaiomba linki yeye mwenyewe, kwa hiyo sekunde ya kuombwa anaijua. Atajaribu chache za jirani na ataipata.

```php
$token = bin2hex(random_bytes(32));
$hash  = hash('sha256', $token);
```

`$token` iende kwenye imeili, `$hash` kwenye databesi. Nakala ya databesi ikivuja, hakuna linki ya kutumia humo.

Baba_Zawadi: Kwa nini si `password_hash` kama nywila zenyewe?

Bi_Seva: Ile ni ya polepole makusudi kwa sababu nywila za watu hukisika. Baiti 32 za bahati nasibu hazikisiki. Tena huchanganya chumvi, kwa hiyo huwezi kutafuta safu kwa `token_hash = ?`.

Baba_Zawadi: Hapo nimekuelewa. Ila dakika 30 bado sikubali. Kuna seva za ofisini hushikilia ujumbe wa mtumaji mgeni, na ukifika umeshachelewa.

Bi_Seva: Kwa chama chenye pesa za watu mimi nabaki na 30, na ukurasa wa "muda umeisha" uwe na kitufe cha kuomba upya.

Kodi_ya_Jioni: Nimehamishia kwenye POST na tokeni mpya ziko hewani. Waliojaribu tena kutoka ofisini wameingia. La dakika nitaweka 60 kwanza, niangalie kwenye logi watu wanafungua baada ya muda gani.