Tokeni ya nyumba na tokeni ya hatifungani: ukiishika, umeshika nini kisheria?

Mwekezaji Mpya: Wakuu, kuna tokeni za nyumba zinauzwa dola 100 kila moja, na tangazo linasema "miliki sehemu ya nyumba". Nikinunua, sehemu hiyo ni yangu kweli au nimenunua ahadi? Na tokeni za hatifungani ni hivyo hivyo?

Fundi Msimbo: Mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye mali. Rekodi ya blokcheni haifutiki, haihongwi, na kila mtu anaiona. Daftari la ardhi linaweza kupotea au kuchezewa usiku mmoja. Sheria imechelewa tu, itafika.

Mshika Hati: Ndugu Fundi, kwenye blokcheni umesema kweli: hakuna anayebisha kwamba tokeni namba fulani iko kwenye pochi fulani. Ila swali ni nani anafungwa na rekodi hiyo. Benki iliyokopesha kwa rehani, mamlaka ya kodi, jirani mwenye mgogoro wa mpaka, wote hawa wanafungwa na daftari la ardhi. Msajili hajui pochi yako, na wala hana wajibu wa kuijua.

Ndiyo maana tokeni nyingi za nyumba zimejengwa hivi: inaundwa kampuni ndogo, kampuni ndiyo inaandikwa kwenye hatimiliki, na tokeni inakuwa hisa ya kampuni hiyo. Kwa hiyo Mwekezaji, ukinunua unakuwa mwanahisa. Mwanahisa hamiliki nyumba ya kampuni, anamiliki kilichobaki baada ya wadai wote kulipwa.

Tuseme nyumba ya dola 200,000, tokeni 2,000. Baadaye wasimamizi wanaona kampuni inahitaji fedha, wanakopa 80,000 na kuweka nyumba rehani. Mambo yanaharibika, nyumba inapigwa mnada kwa 150,000. Benki inachukua 80,000 zake kwanza. Mnada na mfilisi wanakula 15,000. Mafundi ambao hawakulipwa pamoja na kodi ya jengo ni 20,000. Inabaki 35,000, yaani dola 17.50 kwa kila tokeni. Nyumba imeshuka bei kwa robo, wewe umepoteza zaidi ya asilimia 80, na hakuna aliyeiba kitu. Blokcheni itaendelea kuonyesha kwa usahihi kabisa kwamba una tokeni yako.

Tajiri Kesho: Kwa hiyo bei ya tokeni itapanda mwaka huu au tusubiri?

Mshika Hati: Hapa hatuzungumzii bei ya sokoni, ndugu. Tunazungumzia utamdai nani na utadai nini siku ukifika mahakamani.

Mama Pango: Mimi yamenikuta. Nilinunua tokeni za nyumba moja ya kupangisha, kodi ikawa inaingia kila wiki, halafu ikakatika. Nikaambiwa ni matengenezo. Niliomba kuona mahesabu, wakasema tokeni yangu haina haki hiyo. Nikaenda ofisi ya ardhi na simu mkononi, nikamwonyesha karani pochi yangu. Aliniuliza namba ya kiwanja tu. Akaitafuta, akanionyesha jina la kampuni nisiyowahi kuisikia, na chini yake rehani. Jina langu halipo popote. Nimetapeliwa?

Mshika Hati: Pole sana, dada. Siwezi kusema umetapeliwa kabla ya kuona karatasi. Kampuni kumiliki hatimiliki ni kawaida. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hukuijua kampuni hiyo. Soma waraka wa toleo, yaani ule uliotolewa tokeni zilipoanza kuuzwa, utazame jina lililomo. Kama ni kampuni ile ile ya kwenye hatimiliki, na tokeni inatajwa kuwa hisa zake, una mahali pa kusimama. Kama waraka unasema tokeni ni "haki ya kupata malipo" kutoka kwa mwendeshaji wa jukwaa, basi wewe ni mdai asiye na dhamana. Jukwaa likianguka, unapanga foleni na wadai wake wengine, na nyumba si fungu lako hata kidogo.

Hata muundo ukiwa safi, nyumba inabaki nyumba. Julai 2025 mji wa Detroit, Marekani, uliwashtaki RealT, jukwaa linalouza tokeni za nyumba, na kampuni zake ndogo nyingi kuhusu mamia ya nyumba, ukidai zimeachwa zichakae. Wenye tokeni wako sehemu mbalimbali za dunia, lakini gharama ya paa linalovuja inatoka kwenye kampuni yao kabla wao hawajapata senti.

Fundi Msimbo: Hiyo ni ardhi. Kwenye hatifungani umeshindwa hoja. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitoa hatifungani ya yuro milioni 100 juu ya blokcheni ya Ethereum mwaka 2021.

Mshika Hati: Hapo nakubali kwa moyo wote. Hatifungani yenyewe ni ahadi, na ahadi inaweza kuishi kwenye daftari lolote ambalo sheria inalitambua. Uswisi, tangu Februari 2021, sheria inaruhusu haki iandikwe kwenye daftari la namna hii, na isidaiwe wala kuhamishwa nje yake. Ukishika tokeni ya aina hiyo, umeishika hatifungani yenyewe. Ardhi haiwezi kufanywa hivyo kwa makubaliano ya pande mbili, kwa sababu hati ya ardhi inawafunga hata watu ambao hawakukubaliana na yeyote.

Ila si kila tokeni inayoitwa ya hatifungani iko hivyo. Nyingine kampuni inanunua hatifungani za serikali, inaziweka kwa mtunzaji, kisha inatoa tokeni zake yenyewe. Hapo serikali haidaiwi na wewe. Unaidai kampuni, na usalama wako unategemea kama zile hatifungani zimetengwa na kuwekwa dhamana kwa ajili yenu, au zimechanganywa na mali nyingine za kampuni.

Fundi Msimbo: Na ufunguo ukiibiwa? Tokeni nyingi za aina hii zinafuata kiwango cha msimbo kiitwacho ERC-3643, na ndani yake kuna amri hii:

```
forcedTransfer(address _from, address _to, uint256 _amount)
```

Wakala aliyepewa ruhusa anahamisha tokeni kutoka pochi yako bila sahihi yako. Sasa blokcheni ya nini, kama mtu mmoja anaweza kufanya hivyo?

Mshika Hati: Bila hiyo, amri ya mahakama haitekelezeki. Mwenye pochi akifariki, warithi wake watafanyaje? Lakini ni kweli kwamba uwezo huo ukiwa mikononi mwa wakala bila masharti ya kuandikwa, ni hatari. Na aliyenunua kwa nia njema tokeni iliyoibiwa, alindwe yeye au aliyeibiwa? Sheria za nchi hazijibu sawa, na mimi mwenyewe bado napima.

Fundi Msimbo: Mimi sipimi. Alindwe aliyenunua, la sivyo soko halipo.

Mama Pango: Nimesoma waraka wangu. Tokeni ni hisa, na kampuni ndiyo ile ya ofisi ya ardhi. Ila kuna kifungu kinasema daftari la wanahisa linalotunzwa na kampuni likitofautiana na blokcheni, la kampuni ndilo litafuatwa. Mimi nilinunua kutoka kwa mtu, si kwa kampuni.

Mshika Hati: Kifungu hicho ndicho kikubwa kuliko vyote kwenye kesi yako, dada. Inawezekana kwenye daftari la kampuni bado ameandikwa aliyekuuzia, na kodi ikirudi atalipwa yeye. Waandikie leo, taja pochi, tarehe ya muamala na idadi, uombe uandikishwe na upewe nakala ya ukurasa wako. Wakikataa, tazama waraka unataja sheria ya nchi gani, urudi hapa na jibu lao.