Safu ya kijiji, tarehe na maelezo ya afisa: mnazigeuzaje kuwa namba? (mikopo ya pembejeo, magharibi)

Mtama_Busia
Habari zenu wanajukwaa. Natengeneza modeli ya kukisia ni mkulima yupi atachelewa kulipa mkopo wa mbegu na mbolea. Data ni ya misimu ya mvua ndefu ya 2022, 2023 na 2024, kutoka Busia, Vihiga na Kakamega. Rekodi ni kama 9,000, vijiji kama 640, na karibu nusu ya vijiji hivyo vina wakulima wasiozidi kumi. Kwa jumla, wanaochelewa ni 18 katika kila 100.

Kinachonisumbua ni safu ya kijiji. Nimeijaribu kwa njia tatu na kupima AUC kwenye asilimia 20 ya rekodi nilizozitenga kwa bahati nasibu:

(a) kila kijiji kupewa safu yake ya 0 na 1: 0.71
(b) jina la kijiji kuondolewa, mahali pake pakawekwa wastani wa wanaochelewa hapo: 0.83
(c) kuiachia LightGBM ishughulike na majina yenyewe: 0.74

Nikiongeza maneno ya safu ya "maelezo ya afisa", (b) inafika 0.93. Naelekea kuchukua (b) pamoja na maelezo. Kuna anayeona sababu ya kunizuia?

Nyasi_Kisumu
Chukua (b), usisite. Safu za 0 na 1 zikizidi kumi ni balaa, hiyo ni sheria yangu siku zote. Na mwezi usiuache kama 1 hadi 12. Ugeuze kwa `sin` na `cos`, la sivyo modeli itadhani Desemba na Januari ziko mbali mbali.

Mwalimu_Njoro
Mtama, kabla hatujachagua: huo wastani wa (b) uliupiga kabla ya kutenga ile asilimia 20, au baada?

Mtama_Busia
Kabla. Niliupiga kwenye Excel kwa data yote, nikauunganisha, ndipo nikagawanya.

Mwalimu_Njoro
Basi hiyo 0.83 usiiamini. Chukua kijiji chenye mkulima mmoja tu, naye alichelewa. Wastani wa kijiji chake ni 1.0. Mkulima huyo akiangukia kundi la majaribio, modeli inaonyeshwa 1.0 kisha inaulizwa kama alichelewa. Jibu limo ndani ya swali. Kijiji cha watu wanne hali ni ileile, ila imefifia kidogo. Na kwako nusu ya vijiji ni vidogo namna hiyo, kwa hiyo jibu linavuja kila mahali.

Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha. Vuruga safu ya majibu ovyo, ili isiwe na uhusiano wowote na wakulima, kisha rudia hatua zote tangu kupiga wastani. Modeli safi itakupa AUC ya karibu 0.5. Ukipata 0.65 au 0.7 kwa majibu yaliyovurugwa, ujue inasoma majibu yenyewe.

Kupiga wastani kwenye kundi la mafunzo peke yake kunaziba tundu hilo moja, lakini linabaki la pili. Ndani ya mafunzo, kila mkulima bado amechangia wastani anaopewa. Modeli inajifunza kuiamini safu ya kijiji kupita kiasi, halafu ikikutana na wakulima wapya inayumba. Dalili yake ni AUC ya mafunzo kuwa juu sana na ya majaribio kuwa chini hata ya ile ya (a). Dawa ni kugawa mafunzo vipande, tuseme vitano, na kila kipande kipewe wastani uliopigwa kwa vipande vinne vingine.

Tena wastani wa kijiji kidogo usiachwe mtupu. Uvute kuelekea wastani wa jumla, kana kwamba kila kijiji kimeongezewa wakulima 20 wa kawaida. Kijiji cha watu wanne, watatu wamechelewa: wastani mtupu ni 0.75, ukivutwa unakuwa (3 + 20 × 0.18) / 24, yaani 0.275. Kijiji cha watu 200, waliochelewa 30: kutoka 0.15 kinakwenda 0.153, hakijasogea. Ndivyo inavyotakiwa. Watu wanne hawatoshi kukupa sifa ya kijiji kizima.

```python
from sklearn.preprocessing import TargetEncoder

te = TargetEncoder(smooth=20, cv=5)
a = te.fit_transform(mafunzo[["kijiji"]], mafunzo["alichelewa"])
b = te.transform(majaribio[["kijiji"]])
```

Hiyo imo kwenye scikit-learn kuanzia 1.3. Angalia sana mstari wa mafunzo: ukiandika `fit` kisha `transform` badala ya `fit_transform`, mgawanyo wa vipande haufanyiki na unarudi kwenye lile tundu la pili bila kuonywa.

Duka_la_Bahati
Samahani kuingilia. Mimi nauza dawa za mifugo na mbegu, nataka kukisia mauzo ya kila siku, na kwangu tarehe ndiyo ilikuwa kichwa kuuma. Faili lilikuwa na 03/04/2024 likasomwa kama tarehe 4 Machi. Mauzo ya Aprili yalitawanyika mwaka mzima. Nilirekebisha kwa `dayfirst=True`. Mtama, umeangalia zako?

Mwalimu_Njoro
Yako ni habari nyingine, mkuu, mauzo ya kila siku yana mambo yake. Ila hilo la siku na mwezi ni la kweli, na linamhusu. Mtama, hesabu mikopo kwa mwezi. Ukiona mikopo ya mahindi imetolewa Desemba, kuna tarehe iliyopinduka.

Nyasi, kuhusu `sin` na `cos`: kwa modeli ya mstari ulonyooka uko sahihi, inasaidia. Modeli ya miti inakata mwezi popote inapotaka, kwa hiyo faida ni ndogo. Na mikopo hii hutolewa kabla ya mvua, kati ya Februari na Aprili hivi. Desemba na Januari hazipo hata za kukutanishwa. Tarehe tupu ina maana ndogo hapa. Chenye maana ni umbali kati ya tarehe mbili: siku kutoka kupokea mbolea hadi siku ya kwanza ya kulipa, au alipokea siku ngapi baada ya jirani zake wa wadi hiyohiyo. Aliyepata mbolea wiki tatu baada ya wenzake kupanda ana hadithi yake. Mwaka wenyewe usiuweke kama namba. Mti uliofunzwa kwa 2022 na 2023 utaisukuma 2024 upande wa 2023, basi.

Nyasi_Kisumu
Sawa mwalimu, hilo la mwezi nakubali. Lakini safu 640 za 0 na 1 bado siwezi kuzitetea.

Mwalimu_Njoro
Inategemea nani anazisoma. Kwa miti ni mzigo kweli, maana kila mkato unatenga kijiji kimoja tu. Kwa modeli ya mstari yenye adhabu ya ridge, vijiji vidogo vinavutwa kuelekea sifuri, jambo linalokaribiana sana na ule mvuto wa wastani. Mimi kwa data hii ningeanza na hiyo kama kipimo cha kulinganishia. Haina mahali pa kuvujia.

Afisa_Mstaafu_Vihiga
Nimesoma hapo juu kuhusu 0.93 nikacheka. Nimefanya kazi ya nyanjani miaka mingi, hayo maelezo ya afisa nayajua. Mkulima akisajiliwa tunaandika "ana ng'ombe wawili, shamba la kukodi". Akianza kukwepa tunafungua fomu ileile, tunafuta, tunaandika "hapokei simu", "ameahidi ijumaa", "ameenda kwa dadake Webuye". Anayelipa vizuri hakuna anayerudi kumwandikia kitu. Mtama, hayo maneno yameandikwa lini?

Na kingine, vijijini majina huandikwa kwa sikio. Utakuta "Bumala", "Bumala B", "bumala mkt" na "Bumara" katika fomu za afisa mmoja. Majengo ndiyo usiseme, ipo Vihiga na ipo karibu kila mji wa nchi hii. Ukipiga wastani kwa jina tu, umewachanganya watu wasiojuana.

Mtama_Busia
Dada, umenifungua macho. Nimepanga maneno kwa uzito wake: "hapokei", "ameahidi" na "salio" ndiyo ya juu kabisa. Mfumo unahifadhi maelezo ya mwisho tu, ya usajili yamefutika.

Mwalimu_Njoro
Basi safu hiyo itoke yote, pamoja na urefu wake na hata kule kuwepo au kutokuwepo kwa maelezo. Alivyosema dada, anayelipa haandikiwi, kwa hiyo hata ukimya unataja jibu. Siku ya kutoa mkopo maneno hayo hayatakuwapo.

Msimu ujao wakianza kuhifadhi maelezo ya usajili kando, yakate vipande vya herufi tatu hadi tano badala ya maneno kamili (`TfidfVectorizer` yenye `analyzer="char_wb"` na `ngram_range=(3, 5)`). Maafisa huchanganya Kiswahili, Kiluhya na sheng kwenye sentensi moja, na "ng'ombe", "ngombe" na "ng'ombe2" zitabaki ndugu.

Kwa majina ya vijiji, unganisha kijiji na wadi kuwa ufunguo mmoja. Tena badala ya kukivuta kijiji kidogo kuelekea wastani wa kaunti zote tatu, kivute kuelekea wastani wa wadi yake. Kijiji kipya kabisa nacho kitapewa wa wadi. `TargetEncoder` haifanyi hivyo yenyewe, utaiandika kwa mkono.

Mtama_Busia
Nimerudi na matokeo. Maelezo nje, majina yamesafishwa na kuunganishwa na wadi, wastani kwa vipande vitano. Nimefunza kwa 2022 na 2023, nikapima kwa 2024. (a) kwa ridge: 0.66. (b): 0.67. (c): 0.64. Majibu yakivurugwa, (b) inatoa 0.50. Yaani njia zote karibu sawa! Tofauti niliyokuwa naisherehekea ilikuwa ya kuvuja tu?

Mwalimu_Njoro
Sehemu kubwa, ndiyo. Na kwa tofauti ya 0.01 siwezi kukuambia (b) imeishinda (a). Chora vijiji vikubwa na vidogo kando uone kila njia inakosea wapi. Kwa (c), LightGBM ina `min_data_per_group`, ambayo kwa kawaida ni 100, na `cat_smooth`. Zijaribu kabla hujaitupa, lakini uzipime ndani ya 2022 na 2023, 2024 usiiguse tena.

Nyasi_Kisumu
Mimi hapo kwa 2024 nina shida, omera. Huo ni mwaka wa mafuriko. Huku Nyando watu walihama, na Budalang'i iko Busia kwake. Kijiji kilicholipa vizuri miaka miwili kikizama, wastani wake wa zamani unasaidia nini? Ningepima kwa 2023, nifunze kwa 2022.

Mwalimu_Njoro
Utabaki na msimu mmoja wa kufunzia, na vijiji vingi vitakosa hata mtu mmoja. Modeli itatumika mwaka ambao hatuujui, wa mafuriko au wa ukame. Mimi naiacha 2024.

Afisa_Mstaafu_Vihiga
Angalieni kwanza kama waliofurikiwa waliongezewa muda wa kulipa. Kama tarehe ya mwisho ilisogezwa, "alichelewa" ya 2024 si ile ya 2022.

Mtama_Busia
Hilo sijui hata nianzie wapi kuliuliza. Kuna safu mbili za tarehe ya mwisho kwenye faili, na zinatofautiana kwa rekodi nyingi za Busia. Naandikia ofisi kesho.