Boti ya Mokowe–Lamu: simu inakatika palepale kila siku, na mistari ya mtandao imejaa!

KaaWaMokowe
Jamani nimechoka na hii kampuni. Mimi nauza kaa, wanunuzi wangu wako Malindi, na bei tunapatana nikiwa ndani ya boti. Tukiondoka Mokowe naongea vizuri tu. Tukiikaribia Lamu, gati naiona kwa macho, sauti ya mteja inaanza kukwaruza, halafu kimya, halafu simu imekata. Natazama kioo: mistari yote imejaa! Mteja anadhani nimemkatia makusudi kwa sababu ya bei. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa "zima simu uwashe". Nizime nini? Nimebadilisha simu, abiria wenzangu wenye laini hiyohiyo nao wanakatikiwa. Mnatufanya wajinga?

KijanaWaShela
Mnara umejaa watu, bro. Simu yako ikihamia mnara wa mjini inakosa nafasi, inatupwa. Hakuna la ajabu.

KaaWaMokowe
Hata alfajiri, watu wamelala? Tena ikishakatika napiga upya hapohapo na inaingia.

MamaNtilieMalindi
Afadhali wewe uko baharini. Mimi nimekaa jikoni kwangu, sijasogea, na sauti inakatakata kila mara. Na bando linaisha kabla ya wakati, nalo mlisemee.

FundiMlingoti
Nimefanya kazi ya minara miaka mingi. KijanaWaShela, hilo lipo kweli, mnara uliojaa hukataa kupokea. Lakini kama ndilo, kaka asingeingia alipopiga upya dakika hiyohiyo.

Tatizo la pale ni bahari. Juu ya maji hakuna nyumba wala miti ya kuzuia mawimbi, kwa hiyo mnara wa mbali bara, usiotarajiwa kabisa kuhudumia mkondo ule, unasikika vizuri, na simu inaung'ang'ania. Ukiwa unaongea, simu haijihamishi. Inapima minara inayoisikia na kupeleka taarifa: jirani fulani amenizidi nguvu. Mtandao ndio unaoamua, na amri ya kuhama inakuja kupitia mnara uleule wa zamani. Hapo mambo huharibika kwa njia mbili. Ama mnara wa mbali haumjui yule wa Lamu kama jirani yake, taarifa inafika na hakuna anayeijali. Ama amri inatolewa mawimbi yakiwa yameshadhoofika, na simu haiisikii.

Na ile mistari, kaka, unaitazama baada ya kukatika. Simu ikishakata inakuwa huru, inajichagulia mnara wa Lamu wenye nguvu. Ndiyo maana imejaa.

Mama, wako ni ugonjwa mwingine. Huenda jikoni kwako minara miwili inalingana nguvu, simu inarushwa huku na huku. Jaribu kuongelea dirisha la upande mmoja uone. Bando silijui.

KaaWaMokowe
Sasa nitajuaje ni ipi kati ya hizo mbili?

FundiMlingoti
Una Samsung? Nyingi zinakubali `*#0011#`. Mpe abiria mwenzako aishike simu wakati unaongea kwa spika. Tazama PCI, ni namba ya seli, yaani antena ya mnara inayokuhudumia, na RSRP, ni nguvu ya mawimbi yake. RSRP ni hasi: -85 ni nzuri, -118 ni taabani. Ikishuka polepole huku ile seli nyingine imeshakuwa na nguvu muda mrefu, nashuku ujirani haukuandikwa. Ikiporomoka ghafla, mfano boti imepita nyuma ya kitu, basi amri ilichelewa.

KaaWaMokowe
Nimerudi. PCI 287 tangu Mokowe. RSRP -98, ikawa -109 tukiwa katikati, sauti ikaanza kukwaruza, -118, kimya. Kidogo tu ikaandika PCI 41, -84. Ilishuka polepole, hakuna kitu kilichotukinga.

FundiMlingoti
Inaelekea kwenye ujirani. Mitambo ya sasa hujifunza majirani yenyewe, ila kuna mahali mtu huuzima uwezo huo, au seli fulani huzuiwa kwa mkono. Hilo huwezi kuliona kwenye simu, liko kwenye kompyuta zao. Dawa nyingine ni kuinamisha antena ya ule mnara wa mbali isivuke maji, lakini huenda kuna wavuvi wanaoitegemea.

KijanaWaShela
Mimi bado nasema wameongeza wateja bila kuongeza minara.

KaaWaMokowe
Nimewapelekea malalamiko. Wamejibu: "Mtandao katika eneo lako ni imara." Wakafunga!

FundiMlingoti
Kwa sababu umeandika mtandao mbovu. Wanaangalia gatini, wanaona mzuri. Andika hivi: simu inakatika ikitoka seli 287 kwenda 41, baharini kati ya Mokowe na Lamu, saa fulani, namba yangu hii. Omba ipelekwe kwa wahandisi wa redio. Wakifunga tena, nenda Mamlaka ya Mawasiliano na namba ya malalamiko ya kwanza, ndiyo watakayokuuliza.

KaaWaMokowe
Natuma sasa hivi. Wakinijibu "zima simu uwashe" tena naweka picha ya jibu hapahapa.