Naomba ushauri: matriksi ambayo P² = P

Wakuu, nina P yenye safu mlalo (2, −2) na (1, −1). Nikiizidisha kwa yenyewe inarudi ileile. Kwamba thamani za aigeni ni 0 na 1 tu nimeelewa: Px = λx, basi λ² = λ.

Vekta yoyote v naigawa kuwa Pv + (v − Pv). Kwa v = (3, 2) napata (2, 1), iliyo kwenye taswira, na (1, 1), ambayo P inaifuta kuwa sifuri, yaani iko kwenye kiini.

Kinachonitatiza ni kinyume chake: kwamba thamani za aigeni zikiwa 0 na 1 tu, basi P² = P. Matriksi ya (1, 1) na (0, 1) ina thamani ya aigeni 1 pekee, lakini kipeo chake cha pili kinatoa (1, 2) na (0, 1). Je, sharti linalokosekana ni kuwa na vekta za aigeni za kutosha kujaza nafasi nzima? Nithibitisheje?