Hotuba ya baba wa binti: nawakaribishaje wakwe ambao baba wa kijana ameshafariki?

MzaziWaMarangu:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Binti yangu wa kwanza anaagwa mwezi ujao hapa Moshi mjini, na harusi itafuata kwa wakwe zetu huko Same. Mshereheshaji amenipa dakika tano za kuwakaribisha wageni na kuwabariki watoto. Ugumu wangu ni kwamba baba mzazi wa kijana ni marehemu, na tangu siku ya posa aliyesimama ni baba yake mkubwa, ingawa mama mzazi yupo. Sijui nimtaje marehemu au ninyamaze, wala sijui nianze kumsalimu nani. Naomba pia ushauri kuhusu baraka, kwa kuwa mchungaji wetu wa KKKT atakuwapo.

Kijana_wa_Majengo:
Mzee, anza kwa kuwashukuru kwa mahari, kwa sababu ndiyo iliyowaleta, kisha uwakaribishe. Usiache pia kuwataja wazee wao kwanza, kabla ya vijana.

MzeeWaKiboriloni:
Kuhusu wazee, kijana amesema vyema, lakini mahari iache kabisa. Katika familia nyingi huku huwa haijakamilika siku ya sendofu, na ukiishukuru hadharani, wapo upande wako watakaoanza kuulizana kilichobaki, na wapo upande wao watakaoona wamedaiwa mbele ya ukumbi. Hayo yana mshenga na yana kikao chake.

Kwa swali lako, anza na baba mkubwa kwa sababu ndiye msemaji wa ukoo, kisha mgeukie mama wa kijana umsalimu peke yake, asimezwe ndani ya neno "familia". Marehemu mtaje, kwa sentensi moja tu, hapo hapo baada ya kumsalimu mjane wake. Ningesema hivi: "Mkwe wangu, baba mkubwa wa kijana wetu, karibu sana pamoja na ukoo wote uliotoka nao Same. Mama, karibu, tunamkumbuka kwa heshima mwenzako aliyemlea kijana huyu, na leo tunawapokea ninyi nyote kama ambavyo tungempokea yeye." Baada ya hapo endelea mbele, wala usiombe ukumbi usimame kimya, kwani mama akilia hapo, kazi ya kumtuliza itaangukia wageni, na dakika zako zitakwisha kabla ya baraka. Mpelekee mshenga mapema amuulize mama kama anaridhia jina la mumewe litajwe. Wapo wajane wasiopenda, na hilo ni lao kuamua.

MamaWaUsaRiver:
Mimi nilidhani unaulizia siku ya harusi yenyewe. Kwa mdogo wangu, baba yetu alisimama kwenye harusi kule ukweni akawakaribisha watu kana kwamba ukumbi ni wake, na wenyeji walinyamaza kwa aibu.

MzeeWaKiboriloni:
Mama, mfano wako unamfaa. Kwenye sendofu yeye ndiye mwenyeji, na neno "karibuni" ni lake. Kule Same atakuwa mgeni, kwa hiyo hotuba ile iwe ya kushukuru kwa kupokewa na kumkabidhi binti. Asiirudie hii ya Moshi.

Kuhusu baraka, mwite mama wa binti asimame nawe, watoto wapige magoti, mweke mikono juu ya vichwa vyao na useme maneno yako mwenyewe. Maneno ya baraka ya Hesabu 6:24–26 huenda mchungaji akayatumia mwenyewe, kwa hiyo yeye ndiye umwulize kama utayasoma au utamwachia. Taja mambo mawili au matatu unayowaombea kweli, kama uvumilivu na watoto. Kumsomea bwana harusi kanuni za ndoa mbele ya ndugu zake si baraka, na wao watasikia kwamba humwamini.

MzaziWaMarangu:
Asanteni sana. Mke wangu anataka niseme pia kwamba mlango wetu uko wazi binti akipata shida. Nimesita.

Kijana_wa_Majengo:
Usiseme hivyo, mzee. Wakwe wataona unatabiri kuachana.

MamaWaUsaRiver:
Mimi nasema aseme. Binti akishajua kwa sauti ya baba yake kwamba hajatupwa, hatajificha akiumizwa. Ila aliseme kwa wote wawili: "Nyumba hii ni yenu, njooni kwa furaha na kwa shida."

MzeeWaKiboriloni:
Hapo sisi wazee hatukubaliani, na mimi ningemwambia binti nyumbani, usiku wa kuamkia sendofu, mama yake akiwapo. Lakini namna alivyoliweka mama huyu haimvunjii mtu heshima.

MzaziWaMarangu:
Nitampigia mshenga kesho kuhusu jina la marehemu. Suala la mlango nitalizungumza tena na mama watoto.