Tupeane uzoefu: unakaguaje jibu la ΔH na mchoro wake kabla ya kukabidhi karatasi?

Beseni_la_Maabara: Tutumie swali moja. 50 cm³ ya HCl 1.0 M imechanganywa na 50 cm³ ya NaOH 1.0 M, joto likapanda kutoka 22.0 °C hadi 28.5 °C. Leteni ukaguzi wenu.

Mzee Bureti: Mimi huanza na gramu. Mchanganyiko ni 100 g, si 50, kwa hiyo 100 × 4.2 × 6.5 = 2730 J, yaani 2.73 kJ. Moli zilizomenyuka ni 0.05. Gawanya, unapata 54.6, na kwa kuwa joto limetoka, andika −54.6 kJ/mol. Thamani inayokubalika kwa asidi kali na alkali kali ni karibu −57, hivyo hili linaaminika. Lililopungua limepotelea kwenye kikombe na hewani. Ukipata 27.3 umesahau ujazo wa kimiminika cha pili. Ukiona 2.73 hujagawanya kwa moli. Na usiongeze 273 kwenye 6.5, maana tofauti ya joto haibadiliki ukihamia kelvini.

Kidato4_B: Lakini joto limepanda, basi ΔH si chanya? Kupanda ni kuongezeka.

Mzee Bureti: Kipimajoto kimezama kwenye maji, hakisomi nishati ya kemikali. Maji yamepata kilichotoka kwenye mmenyuko. Maji yakipata joto, mmenyuko umetoa: alama ni hasi.

Nuru wa Jioni: Mie swali langu lilikuwa la amonia nitrati kuyeyuka kwenye maji. Maji yalipoa, nikaandika hasi.

Beseni_la_Maabara: Hapo ni kinyume, Nuru. Maji yamepoa kwa sababu chumvi imefyonza joto, kwa hiyo ΔH ni chanya. Na hilo si swali la asidi na alkali, usilinganishe na 57.

Dada Pipeti: Mchoro uukague kwa mshale. Kwa swali la juu, mstari wa HCl(aq) + NaOH(aq) ukae juu, wa NaCl(aq) + H₂O(l) chini, na mshale uanzie vitendanishi ukiishia mazao. Mshale ukishuka huku umeandika chanya, kimoja kimekosewa. Wengi huweka mshale sawa, kisha wanaandika 54.6 bila alama. Mhimili wima uandike nishati. Hali za dutu zisisahaulike.

Kidato4_B: Na kilima cha katikati?

Dada Pipeti: Swali likitaja nishati ya uamilishaji, chora, na mshale wake uanze kwenye mstari wa vitendanishi, si chini kabisa kwenye mhimili. Lisipotaja, mistari miwili inatosha.

Mzee Bureti: Mimi ningekichora hata hivyo.

Dada Pipeti: Ukikichora vibaya, umejitafutia kosa ambalo hukuulizwa.